Nani Ameketi Katikati? Chora Kwanza, Kisha Ujibu: Maswali ya Viti na Nafasi Katika Mtihani wa Kazi

Mkazi anayeomba kazi ya ukarani, ukaguzi wa mapato, usimamizi wa masoko au uanagenzi katika afisi ya umma huenda akaitwa kwa mtihani wa maandishi kabla ya mahojiano. Katiba, katika Kifungu cha 232, inataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili. Pale ambapo waombaji ni wengi na nafasi ni chache, mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri ni njia mojawapo ya kuwachuja. Ndani ya mtihani huo, baada ya hesabu na ufahamu, mara nyingi utakutana na swali linaloanza hivi: watu saba wameketi kwenye benchi.

Swali hilo halihitaji shahada wala kumbukumbu ya mambo ya shuleni. Linachohitaji ni kupanga watu kwa kufuata vidokezo vichache, kisha kusema nani yuko wapi. Hata hivyo, watahiniwa wengi hulipoteza kwa sababu moja: hujaribu kulipanga kichwani. Kichwa cha binadamu kinaweza kushika watu watatu au wanne na mahali pao. Wakifika saba, unapomfikiria wa sita, wa pili ameshatoroka. Penseli na mstari mmoja kwenye karatasi hulimaliza tatizo hilo, na makala haya yanaonyesha jinsi mstari huo unavyochorwa.

Tuanze na swali lenyewe, kama linavyoweza kuonekana kwenye karatasi.

Waombaji saba, Amina, Barasa, Chebet, Dama, Ekiru, Fatuma na Gitau, wameketi kwenye benchi moja, wote wakitazama mlango wa afisi. Kwanza, Ekiru anapakana na Dama. Pili, kuna watu wanne kati ya Dama na Gitau. Tatu, Amina ni wa pili kushoto kwa Barasa. Nne, kuna watu watatu kati ya Barasa na Chebet. Tano, Barasa ni wa tatu kutoka mwisho wa kulia. Je, nani ameketi katikati kabisa?

Kabla ya kugusa kidokezo chochote, chora viti. Si lazima viwe vizuri. Vistari saba vyenye nambari chini yake vinatosha, na ni muhimu uandike "kushoto" upande mmoja na "kulia" upande wa pili. Wote wanatazama upande mmoja, kwa hiyo chora kana kwamba umesimama nyuma yao ukitazama mlango uleule. Hapo kushoto kwao ndiko kushoto kwako, na karatasi haitakudanganya.

kushoto: 1 __ 2 __ 3 __ 4 __ 5 __ 6 __ 7 __ :kulia

Sasa soma vidokezo vyote mara moja, bila kuandika. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Aliyeandika swali hakuvipanga vidokezo kwa kukuonea huruma; kile cha kwanza huwa ndicho kisichosaidia kitu mwanzoni. "Ekiru anapakana na Dama" ni kweli, lakini wanaweza kukaa kiti cha 1 na 2, au 2 na 3, au popote pale, na kila mmoja anaweza kuwa kushoto au kulia kwa mwenzake. Ukihesabu, utapata njia 12 za kuwaweka wawili hao. Anayeanzia hapo anaanza kwa kubahatisha.

Tafuta kidokezo kinachomfunga mtu kwenye kiti kimoja bila kumtegemea mwingine. Katika swali hili ni cha tano: Barasa ni wa tatu kutoka mwisho wa kulia. Hesabu kutoka kulia: kiti cha 7 ni cha kwanza, cha 6 ni cha pili, cha 5 ni cha tatu. Mwandike Barasa kwenye kiti cha 5. Huyo sasa ni kigingi, na wengine watafungwa kwake.

Kisha uliza: ni kidokezo gani kingine kinachomtaja Barasa? Viko viwili. Cha nne kinasema kuna watu watatu kati yake na Chebet. Watu watatu wakiwa katikati, Chebet yuko hatua nne kutoka kwa Barasa, si tatu. Hatua nne kulia ni kiti cha 9, ambacho hakipo. Hatua nne kushoto ni kiti cha 1. Chebet basi yuko kiti cha 1, wala hana pengine. Kidokezo cha tatu kinasema Amina ni wa pili kushoto kwa Barasa. Wa kwanza kushoto ni kiti cha 4, wa pili ni kiti cha 3. Amina yuko kiti cha 3.

kushoto: 1 Chebet, 2 __, 3 Amina, 4 __, 5 Barasa, 6 __, 7 __ :kulia

Hebu tusimame kidogo hapa, kwa maana maneno mawili yaliyotumika yanafanana na yamewakosesha watu wengi alama. "Kuna watu watatu kati yao" na "ni wa tatu kulia kwake" si kitu kimoja. Wa tatu kulia kwako ana watu wawili tu kati yenu. Aliye na watu watatu kati yenu ni wa nne. Mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza, na tofauti hiyo iko katika lugha hiyo pia. Usiyasome maneno hayo mbiombio. Weka ncha ya penseli kwenye kiti cha mtu anayetajwa na uruke kiti kwa kiti, ukihesabu kila mruko.

Sasa kidokezo cha pili: watu wanne kati ya Dama na Gitau. Kwa kanuni ileile, wako hatua tano mmoja kutoka kwa mwingine. Kwenye benchi la viti saba, hatua tano zinapatikana kwa jozi mbili tu: kiti cha 1 na cha 6, au cha 2 na cha 7. Kiti cha 1 kina Chebet tayari. Jozi iliyobaki ni 2 na 7. Lakini nani yuko 2 na nani yuko 7? Kidokezo hakisemi.

Usibahatishe. Chora mstari wa pili chini ya wa kwanza, na uendeleze yote mawili:

Hali A: 1 Chebet, 2 Dama, 3 Amina, 4 __, 5 Barasa, 6 __, 7 Gitau
Hali B: 1 Chebet, 2 Gitau, 3 Amina, 4 __, 5 Barasa, 6 __, 7 Dama

Kimebaki kidokezo cha kwanza, kile tulichokiacha. Ekiru anapakana na Dama. Katika Hali A, Dama yuko kiti cha 2 na majirani zake ni Chebet na Amina. Ekiru hana pa kukaa. Hali A imekufa, ipige mstari. Katika Hali B, Dama yuko mwisho, kiti cha 7, na jirani yake wa pekee ni kiti cha 6, ambacho ki wazi. Ekiru anaingia hapo. Kiti kilichobaki ni cha 4, na mtu aliyebaki ni Fatuma.

kushoto: 1 Chebet, 2 Gitau, 3 Amina, 4 Fatuma, 5 Barasa, 6 Ekiru, 7 Dama :kulia

Anayeketi katikati ni Fatuma, mtu pekee ambaye hakutajwa katika kidokezo hata kimoja. Watunzi wa mitihani hupenda sana kuuliza juu ya mtu wa namna hiyo, kwa sababu huwezi kumpata kwa kusoma tu. Lazima wengine wote wakae kwanza. Kwa hiyo unapoorodhesha majina pembeni mwa karatasi, mwekee alama yule asiyetajwa, ujue atajaza pengo la mwisho.

Mtu anaweza kuuliza kama muda unatosha kwa uchoraji wote huo. Mara nyingi mchoro mmoja huhudumia maswali kadhaa. Baada ya maelezo ya benchi, karatasi huuliza nani yuko katikati, nani yuko kati ya Chebet na Amina, nani wako miisho miwili, na watu wangapi wako kulia kwa Amina. Mchoro ukishakamilika, kila moja ya hayo ni suala la kutazama tu. Muda ulioutumia kwenye swali la kwanza unarudi kwenye yale yanayofuata. Ndiyo maana pia kosa moja kwenye mchoro ni ghali: linaharibu maswali yote ya kundi hilo. Kabla ya kujibu la kwanza, rudi kwenye vidokezo vyako na uvipitie kimoja baada ya kingine ukitazama mchoro. Katika mfano wetu ni vidokezo vitano, na kuvipitia hakuchukui hata nusu dakika.

Kuna swali moja tu la aina hii ambalo ni afadhali usilichore. Ni lile linalokupa mipangilio minne au mitano tayari na kuuliza ni upi unaowezekana. Hapo chukua kidokezo kimoja na ufute kila mpangilio unaokivunja, kisha uchukue kingine. Mwishowe utabaki na mmoja.

Kulia kwa nani?

Katika benchi letu kila mtu alitazama upande mmoja. Mambo hubadilika watu wanapotazamana. Fikiria matatu. Abiria wote wanatazama mbele, na mlango uko kushoto kwao. Kondakta akisimama mbele na kuwageukia abiria ili akusanye nauli, mlango uleule uko kulia kwake. Hakuna aliyehama, ni uso tu uliogeuka. Swali likisema safu mbili za watu zinatazamana, chora mshale mdogo kando ya kila safu kuonyesha uso unaelekea wapi. Kwa safu inayotazama chini ya ukurasa, yaani inayokutazama wewe, kulia kwao ni kushoto kwako.

Meza ya duara ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na ina ujanja wake mdogo. Duara halina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo mtu wa kwanza unaweza kumweka popote bila kukosea. Mweke chini kabisa ya duara, karibu nawe. Akitazama katikati ya meza, anatazama mbele kama wewe unavyotazama karatasi, na kulia kwake ni kulia kwako.

Chukua wanakamati sita wa mradi wa maji, Naliaka, Odhiambo, Pendo, Rehema, Simiyu na Tumaini, wakizunguka meza na kutazama katikati. Pendo anatazamana na Simiyu. Rehema ni wa pili kulia kwa Pendo. Odhiambo yuko papo hapo kulia kwa Simiyu. Tumaini anapakana na Rehema. Nani anatazamana na Tumaini?

Chora duara na uweke nukta sita kama kwenye uso wa saa ya ukutani, penye 12, 2, 4, 6, 8 na 10. Pendo anakaa penye 6, chini. Simiyu anatazamana naye, kwa hiyo yuko penye 12. Kulia kwa Pendo ni penye 4, na wa pili kulia ni penye 2: huyo ni Rehema. Sasa Odhiambo, kulia kwa Simiyu. Hapa mkono hutaka kumweka upande wa kulia wa karatasi, penye 2. Lakini Simiyu yuko juu ya meza na uso wake unaelekea chini, kwako, kwa hiyo kulia kwake ni upande wako wa kushoto, penye 10. Bahati nzuri, katika swali hili karatasi yenyewe inakuonya: ukienda penye 2 utamkuta Rehema ameshaketi. Ukiona watu wawili wanagombea kiti kimoja, usimhamishe mmoja wao ili mambo yaende. Jua kwamba uligeuza kushoto na kulia mahali fulani, na urudi nyuma.

Tumaini anapakana na Rehema, na penye 12 pana Simiyu, kwa hiyo Tumaini yuko penye 4. Naliaka anachukua pa mwisho, penye 8. Anayetazamana na Tumaini, kutoka 4 hadi 10, ni Odhiambo.

Kwa anayependa kanuni fupi: wote wakitazama katikati, kwenda kulia ni kwenda kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, popote ulipo kwenye duara. Wakitazama nje, kwenda kulia ni kufuata mishale ya saa. Soma maelezo kwa makini ujue wanatazama wapi, maana neno moja la "nje" linageuza jibu zima.

Ngazi ya alama

Maswali ya nafasi hayana viti. Yanalinganisha watu kwa urefu, umri, alama au mshahara, na mchoro wake ni ngazi inayosimama, mwenye nyingi juu na mwenye chache chini.

Mfano: waombaji watano wamefanya mtihani na hakuna waliolingana. Juma ana alama nyingi kuliko Lilian lakini chache kuliko Halima. Kiprono ana nyingi kuliko Mutua. Mutua ana nyingi kuliko Juma. Nani aliongoza?

Andika kila ulinganisho kwa alama ya >, mkubwa kushoto. Cha kwanza kinatoa Halima > Juma > Lilian. Viwili vinavyofuata vinatoa Kiprono > Mutua > Juma. Jina la Juma liko katika minyororo yote miwili, na hapo ndipo inapoungana. Lakini angalia inavyoungana. Chini ya Juma yuko Lilian, hilo halina shaka. Juu ya Juma kuna njia mbili zinazopanda, moja ya Halima na nyingine ya Mutua na Kiprono, na hakuna kidokezo kinachozilinganisha. Mchoro wako unapaswa kufanana na panda ya mti, si mstari mmoja:

Kiprono > Mutua > Juma > Lilian
Halima > Juma

Kwa hiyo tunajua Lilian ni wa mwisho na Juma ni wa nne. Ni nani aliongoza? Anaweza kuwa Kiprono, anaweza kuwa Halima. Kama katika majibu ya kuchagua kuna linalosema kwamba haiwezi kujulikana kwa taarifa zilizotolewa, hilo ndilo sahihi. Watahiniwa wengi huliogopa jibu hilo wakidhani ni la mtu aliyeshindwa. Ni jibu kama mengine, na limewekwa pale kumpima anayejaza pengo kwa dhana. Kwa kawaida anayekosea hapa ni yule aliyeandika Halima juu kabisa kwa sababu tu alitajwa katika sentensi ya kwanza, kisha akawapanga wengine chini yake.

Sasa tuseme swali linaongeza: Halima hakuwa wa kwanza. Anayeongoza ni Kiprono, lazima. Lakini wa pili bado hajulikani. Ni Halima au Mutua. Likiongeza tena kwamba Halima hakuwa wa pili pia, ngazi inakamilika: Kiprono, Mutua, Halima, Juma, Lilian. Vidokezo vya namna hiyo, vinavyosema mtu hayuko mahali fulani, havifai kuanzia. Viandike pembeni na uvitumie mwishoni kuua hali zisizowezekana.

Aina nyingine ya swali la nafasi hutoa nambari badala ya kulinganisha. Nyambura ni wa 9 kutoka juu na wa 16 kutoka chini. Orodha ina watu wangapi? Mkono huandika 25 mara moja. Chora nukta moja, iite Nyambura. Akiwa wa 9 kutoka juu, juu yake kuna watu 8. Akiwa wa 16 kutoka chini, chini yake kuna watu 15. Nane na 15 ni 23, na Nyambura mwenyewe ni wa 24. Waliojibu 25 wamemhesabu Nyambura mara mbili. Kanuni ni kujumlisha nafasi mbili na kutoa moja, lakini ukisahau kanuni, nukta itakukumbusha.

Watu wakiwa wawili, tahadhari inazidi. Kazungu ni wa 9 kutoka juu, Moraa ni wa 11 kutoka chini, na kuna watu 4 kati yao. Jumla ni ngapi? Wengi huchora Kazungu juu na Moraa chini: watu 8, Kazungu, watu 4, Moraa, watu 10, jumla 24. Hesabu hiyo ni sawa, ila hakuna mahali swali liliposema Kazungu yuko juu ya Moraa. Moraa anaweza kuwa juu. Kazungu akiwa wa 9 na watu 4 wakiwa kati yao, Moraa atakuwa wa 4, na chini yake kuna watu 10, jumla 14. Yote mawili yanatimiza maelezo. Ndiyo sababu swali zuri la aina hii huuliza idadi ya chini kabisa inayowezekana, au hutaja nani yuko mbele. Ukiona lisiloeleza lolote na majibu yana 14, 24 na "haiwezi kujulikana", sasa unajua la kuchagua na kwa nini.

Siku ya mtihani

Mambo machache ya matumizi. Mtihani ukiwa wa karatasi, chora pembeni au nyuma ya karatasi ya maswali ikiwa maagizo yanaruhusu. Ukiwa wa kompyuta, uliza msimamizi kabla saa haijaanza kuhesabu kama kuna karatasi ya kukokotolea, maana kuchora kwa kidole hewani hakusaidii. Andika herufi ya kwanza ya kila jina badala ya jina zima, ila kama majina mawili yanaanza kwa herufi moja, andika herufi mbili. Tumia penseli. Ukifika mahali pa hali mbili na zikazaa nyingine nne, hiyo ni dalili kwamba kuna kidokezo chenye nguvu umekiruka. Rudi ukitafute kabla ya kuendelea kuchora.

Na kuhusu wale wanaopita mitaani na kwenye vikundi vya simu wakidai kuuza "majibu ya mtihani wa kaunti": maswali haya hubadilishwa kwa kubadilisha kidokezo kimoja tu. Katika benchi letu la kwanza, sema Ekiru anapakana na Gitau badala ya Dama, na mwisho wa kulia utakuwa tofauti: Gitau atahamia kiti cha 7 na Dama atakwenda cha 2. Aliyekariri orodha ya mwaka uliopita atajibu vibaya akiwa na uhakika kamili, na pesa zake zimekwenda. Nafasi za kazi za kaunti hutangazwa hadharani na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na mwombaji hapaswi kumlipa mtu yeyote ili aitwe au afaulu. Anayekuomba pesa, mripoti kwa bodi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Ukitaka kujizoeza, hili hapa la nyumbani. Watu sita wamepanga foleni mbele ya dirisha la malipo: Aisha, Bosire, Cherono, Daudi, Fikiri na Grace. Kuna watu wawili kati ya Aisha na Bosire. Cherono yuko papo hapo nyuma ya Bosire. Daudi ni wa mwisho. Aisha yuko mahali fulani nyuma ya Cherono. Fikiri yuko mahali fulani mbele ya Bosire. Nani ni wa nne?

Weka vifuniko sita vya soda mezani na uviandike herufi kama huna penseli. Anza na Daudi.

Jibu: kutoka dirishani, Fikiri, Bosire, Cherono, Grace, Aisha, Daudi. Wa nne ni Grace.